Makosa ya Lugha Katika Matangazo ya Mtandaoni: Yapi Yanamfukuza Mnunuzi?

Katika makundi ya wanunuzi na wauzaji wa Nakuru, Kisumu na Kakamega kuna ushauri unaorudiwa kila mara: ukiona tangazo lenye makosa ya tahajia, usitume pesa, kwa maana huyo ni tapeli. Wauzaji nao hujibu kwamba mteja anatafuta friji, hatafuti insha, na kwamba picha safi na bei nzuri zinatosha. Kila upande una sehemu ya ukweli. Shida ni kwamba pande zote mbili huyatia makosa yote katika kapu moja, ilhali hayafanani. Yapo yanayokera macho tu bila kumdhuru mtu, na yapo yanayobadilisha kile kinachouzwa, hali yake na bei yake, pasipo neno hata moja kuonekana baya. Makala haya yanashughulika zaidi na hayo ya pili, kwa kuwa ndiyo yanayozua ugomvi baada ya mzigo kufika, na ndiyo yasiyotambuliwa kwa urahisi na aliyeyaandika.

Kwanza tuelewane kuhusu istilahi mbili tatu. Tahajia ni namna neno linavyoandikwa: herufi zake, mpangilio wake, na mahali linapounganishwa au kutenganishwa na neno jingine. Sarufi ni utaratibu unaoyashikanisha maneno ndani ya sentensi. Ndani ya sarufi ya Kiswahili kuna jambo linalogusa matangazo kuliko mengine yote, nalo ni upatanisho wa kisarufi, yaani kanuni kwamba nomino huamua viambishi vya vitenzi na vivumishi vinavyoihusu. Ndiyo sababu tunasema kiti kipya kinauzwa, viti vipya vinauzwa, jiko jipya linauzwa, na friji mpya inauzwa.

Watu wengi walikutana na kanuni hii darasani wakaiona kuwa ni jambo la mtihani. Katika biashara ina kazi nyingine kabisa. Muuzaji wa mitumba katika soko la Kibuye huandika bei kwenye kipande cha katoni na kukichomeka katika rundo la nguo. Kipande hicho kikianguka katikati ya marundo mawili, hakuna mnunuzi anayejua bei ni ya rundo lipi. Viambishi vya upatanisho hufanya kazi ya kukichomeka kipande hicho mahali pake. Mnunuzi aliye mbali, ambaye hawezi kukigusa kitu wala kumwuliza muuzaji papo hapo, hutegemea viambishi hivyo kujua ahadi ipi ni ya kitu kipi.

Tuchukue tangazo moja la kubuni, lililotungwa kwa makosa ambayo mtu yeyote anayefuatilia matangazo ya vyombo vya nyumbani ameyaona mara nyingi. Tuseme muuzaji yuko Kisumu, ni mwaminifu, na vitu vyake ni vizuri. Ameandika hivi:

```
Friji na jiko ya gesi mpya ina uzwa. Aina shida yeyote.
Ime tumika miezi 6. Thamani mwaka 1. Bei 18.500.
Tuna leta bure Kisumu na Kakamega 1500.
Tupigie saa 8 hadi 11.
```

Tumwazie sasa msomaji aliye Kakamega, ambaye ana pesa na anahitaji vitu hivyo wiki hii. Swali lake la kwanza ni kama vitu vinavyouzwa ni viwili au kimoja. Tangazo linataja friji na jiko, lakini kitenzi ni “ina uzwa”, yaani kitu kimoja. Labda jiko limeonekana tu kwenye picha. Labda ni vyote viwili. Kiswahili sanifu kina njia nyepesi ya kuliondoa shaka hilo: nomino mbili za ngeli tofauti zinapoandamana, na zote ni vitu, kwa kawaida kitenzi huchukua kiambishi vi-, kwa hiyo friji na jiko “vinauzwa”. Herufi mbili zingemaliza swali hilo.

Swali la pili ni zito zaidi. Neno “mpya” linaelezea nini? Jiko likiwa jipya, Kiswahili hudai “jipya”. Kwa hiyo “mpya” inaweza kurudi kwa friji au, kwa msomaji anayefuata neno la karibu, kwa gesi. Sentensi ya tatu inasema “ime tumika”, na kiambishi i- nacho hurudi kwa friji, kwa sababu jiko lingekuwa “limetumika”. Tukisoma kwa kufuata kanuni, basi, tangazo limesema kwamba friji hiyohiyo ni mpya na imetumika miezi 6. Muuzaji wetu alikusudia kusema kwamba jiko ndilo jipya na friji ndiyo iliyotumika. Msomaji wa Kakamega hana namna ya kulijua hilo. Anachokiona ni mtu anayejipinga ndani ya mistari miwili, na mtu anayejipinga hutiliwa shaka hata kama hakudanganya.

Naomba tukae hapa kidogo, kwa kuwa ndipo imani huvunjikia. Mnunuzi anayesoma tangazo hujiuliza mambo mawili tofauti. La kwanza ni kama muuzaji ni mwangalifu, yaani kama ataifunga friji vizuri na kuutuma mzigo siku aliyoahidi. La pili ni kama muuzaji anajiachia mwanya, ili baadaye aseme “mimi niliandika imetumika”. Kosa la kawaida la herufi hugusa swali la kwanza pekee. Kosa la upatanisho hugusa yote mawili, kwa kuwa utata hufanana sana na ujanja. Muuzaji mwaminifu aliyeandika vibaya na mjanja aliyeuficha ukweli huacha maandishi yaleyale, na msomaji hana kipimo cha kuwatenganisha.

Tuje kwa “aina shida”. Herufi h imedondoka kutoka kwenye “haina”. Katika mazungumzo ya haraka sauti hiyo humezwa, na anayesikiliza huelewa kutokana na kiimbo. Kwenye maandishi hakuna kiimbo. Kilichobaki ni “aina”, neno halali lenye maana yake, na kikagua tahajia cha simu hakiwezi kulipigia mstari. Tunda la kosa hili ni baya hasa kwa sababu h ndiyo inayobeba ukanushi katika vitenzi vingi vya biashara: haina, haijafunguliwa, haivuji, haijakarabatiwa, hairudishwi. Ikidondoka, wakati mwingine neno hubaki halina maana, na wakati mwingine hubaki na maana nyingine. Pembeni yake kuna “yeyote”, ambayo ni ya watu; shida ni “yoyote”. Hilo halimpotoshi mtu. Ni la kusahihisha kwa sababu ni rahisi kusahihisha.

“Thamani mwaka 1” ni mfano wa kosa lenye mizizi katika eneo letu, na halistahili kuchekwa. Muuzaji alitaka kuandika “dhamana”, yaani ahadi ya kukitengeneza au kukibadilisha kitu kikiharibika. Ameandika “thamani”, yaani ubora au bei ya kitu. Maneno haya mawili hukaribiana kwa sauti, na kwa mtu aliyejifunza kusoma kwa Gikuyu, kama walivyo wengi Nakuru, tatizo huongezeka: katika maandishi ya lugha hiyo herufi th husimamia sauti ambayo Kiswahili huiandika dh, kama inavyosikika katika jina Muthoni. Mkono unaandika ulichozoea. Lakini dhamana ni ahadi ya pesa, na ahadi ya pesa ikiandikwa kwa neno lisilo lake, mnunuzi atauliza au atapita. Anayehofia kuchanganya anaweza kuandika “waranti”, neno ambalo madukani linaeleweka na kila mtu, kisha aeleze waranti hiyo ni ya kitu kipi na inatolewa na nani. Katika tangazo letu ni ya jiko tu, na inatoka kwa duka lililoliuza.

Kwenye tarakimu nitapita upesi. Kenya hutenganisha maelfu kwa mkato na senti kwa nukta, kwa hiyo 18.500 inapaswa kuwa 18,500. Hakuna atakayedhani friji inauzwa shilingi kumi na nane na nusu, na ndiyo maana kosa hilo huonyesha haraka zaidi ya kupotosha. Linalopotosha ni ukimya kuhusu kama bei ni ya kimoja au ya vyote viwili. Vivyo hivyo “bure Kisumu na Kakamega 1500”: msomaji wa Kakamega anaweza kuisoma kuwa miji yote miwili ni bure, kisha akashangaa ile 1500 ni ya nini. Nukta moja baada ya Kisumu ingetosha. Na “saa 8 hadi 11”, kwa anayehesabu saa kwa Kiswahili, ni mchana hadi jioni. Kwa anayeitazama saa ya simu ni asubuhi. Mnunuzi aliyepiga simu asubuhi bila kujibiwa hatadhani amekosea saa. Atadhani amekwepwa.

Tangazo hilohilo, bila kuongezewa sifa wala mapambo, lingeweza kusomeka hivi:

```
Friji na jiko la gesi vinauzwa, Kisumu.
Friji: imetumika miezi 6, haina shida yoyote. Sh 18,500.
Jiko la gesi: jipya, halijafunguliwa, lina waranti ya
dukani ya mwaka 1. Sh 14,000.
Unaweza kununua kimoja au vyote viwili.
Ndani ya mji wa Kisumu tunaleta bure. Hadi Kakamega mjini,
mnunuzi analipa Sh 1,500.
Tupigie saa 8 mchana hadi saa 11 jioni.
```

Angalia kilichotendeka. Bei ya jiko, ambayo haikuwapo kabisa katika tangazo la kwanza, imejitokeza yenyewe mara tu vitu vilipotenganishwa. Hili hutokea mara nyingi: ukilazimika kuvipatanisha viambishi, unalazimika pia kuamua unasema nini kuhusu kitu kipi, na mapengo huonekana.

Sijataja bado “ina uzwa”, “ime tumika” na “tuna leta”. Kutenganisha viambishi na mzizi wa kitenzi ndilo kosa lililoenea kuliko yote katika matangazo ya Kiswahili, na naamini linatokana na mazoea ya Kiingereza, ambamo kiwakilishi na kitenzi husaidizi husimama peke yao. Katika Kiswahili viambishi hivyo ni sehemu ya neno: inauzwa, imetumika, tunaleta. Kinyume chake pia hutokea, pale “ya kuuza” inapoandikwa “yakuuza” na “kwa sababu” inapoandikwa “kwasababu”. Kusema kweli, makosa haya hayampotoshi mnunuzi kuhusu bidhaa. Madhara yake ni ya namna nyingine: yakijaa katika mistari mitatu, humfanya msomaji asome polepole na kwa kutafuta kasoro, na msomaji anayetafuta kasoro huzipata.

Je, kosa dogo kweli linaweza kumpotezea mtu mauzo? Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa mfanyabiashara wa Uingereza, Charles Duncombe, aliyeliambia shirika la BBC mwaka 2011 kwamba katika tovuti moja ya kuuza soksi ndefu za kubana, mapato kwa kila mgeni wa tovuti yaliongezeka maradufu baada ya kosa moja la tahajia kusahihishwa. Ni ushuhuda wa mfanyabiashara mmoja, kwa hiyo haufai kugeuzwa kanuni ya kila duka. Unachoonyesha ni kwamba mnunuzi anayeondoka hasemi sababu. Hakuna anayempigia muuzaji simu kumwambia kwamba amekwazwa na herufi h.

Sasa turudi kwa ule ushauri wa kwamba kosa ni dalili ya utapeli. Mwaka 2012 mtafiti wa Microsoft, Cormac Herley, alitoa hoja kwamba matapeli wa barua pepe hunufaika kwa kusimulia hadithi zisizoaminika, kwa kuwa wenye shaka hujiondoa mapema na wanaobaki ni wale wepesi wa kuamini. Huenda ushauri wetu umechota nguvu kutoka kwa hoja za namna hiyo. Lakini hoja ile ilihusu barua pepe zinazotumwa kwa watu wengi bila kuchagua. Tangazo la bidhaa ni jambo jingine: tapeli wa bidhaa anaweza kunakili picha na maneno ya duka halisi, na tangazo lake likawa safi kuliko la mama anayeuza kitanda chake cha ziada pale mtaani Section 58, Nakuru. Dalili zinazofaa kuangaliwa ziko katika mwenendo: anadai malipo kabla kitu hakijaonekana, anakwepa kukutana mahali pa wazi, hawezi kutuma picha mpya ya kitu kwa pembe unayoitaka wewe. Lugha mbovu peke yake haimtii mtu hatiani, na lugha nzuri haimwoshi.

Wengine hudhani suluhisho ni kuandika kwa Kiingereza. Kwa mwenye Kiingereza imara, na wateja wake wakiwa hivyo, sina pingamizi. Lakini mtu anayekosea upatanisho kwa haraka atakosea pia umoja na wingi katika Kiingereza, na atakuwa ameongeza umbali kati yake na mnunuzi wa Ahero au Mumias anayesoma Kiswahili kwa raha. Kuchanganya lugha nako si kosa. “Friji”, “waranti” na “orijino” ni maneno ya kazi yanayoeleweka, na hakuna sababu ya kumlazimisha mtu aandike “jokofu” ilhali wateja wake wanaandika “friji” wanapotafuta. Kinyume chake ndicho kweli: kisanduku cha kutafutia hulinganisha herufi, na aliyeandika “firiji” au “frigi” anaweza asionekane kabisa na mtu anayetafuta kitu hichohicho katika mji huohuo.

Kuhusu simu zenyewe, kuna mtego mmoja usiojulikana vya kutosha. Kibodi ikiwa ya Kiingereza, karibu kila neno la Kiswahili hupigiwa mstari mwekundu, na mwandishi huzoea kuipuuza mistari yote, ya haki na isiyo ya haki. Mbaya zaidi, masahihisho ya moja kwa moja hubadilisha maneno mafupi kuwa ya Kiingereza bila kuuliza. Gboard, kibodi iliyomo katika simu nyingi za Android, ina Kiswahili miongoni mwa lugha zake. Ukikiongeza katika mipangilio, mistari hiyo huanza kuwa na maana. Hata hivyo haitakuonyesha “aina” iliyopaswa kuwa “haina”, wala “thamani” iliyopaswa kuwa “dhamana”, wala “mpya” iliyopaswa kuwa “jipya”, kwa kuwa yote ni maneno halali. Hayo huonekana kwa macho ya mtu tu.

Namna ya kuyaona ni hii. Soma tangazo lako ukitafuta nomino peke yake, moja baada ya nyingine, na kwa kila moja uulize: hali yake imesemwa wapi, bei yake imesemwa wapi, na viambishi vinarudi kwake au kwa jirani yake? Kisha tafuta kila ukanushi na uhakikishe h yake ipo. Kisha kila “na”, kwa sababu ndipo vitu viwili hukutana na sifa hupotea njia. Baada ya hapo mpe mtu mwingine alisome mara moja, umnyang’anye simu, umwombe akueleze kinauzwa nini, kikiwa katika hali gani, kwa bei gani, na nani analipia usafiri. Usimwulize kama tangazo ni zuri; atakwambia ni zuri. Pale anaposita au anapokujibu tofauti na ulivyokusudia, ndipo pa kurekebisha.

Muuzaji anayefanya biashara ana sababu nyingine ya kujali. Sheria ya Kenya ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inahesabu kuwa ni upotoshaji kudai kwamba bidhaa ni mpya ilhali imetumika, na inataja pia maelezo yenye utata kuhusu jambo la msingi. Tangazo letu la kwanza, linalosomeka kuwa friji ni mpya, lingempa mnunuzi aliyekasirika hoja mkononi, na muuzaji angebaki kujitetea kwa kueleza ngeli.

Kuna pia suala la mahali maneno yanapokaa. Maneno yaliyoandikwa ndani ya picha, kama mabango yanayotengenezwa kwa simu na kusambazwa katika makundi, hayawezi kusahihishwa yakishaondoka mkononi, na kila anayeyasambaza huyasambaza na kosa lake. Bei, hali ya kitu na masharti ya usafiri ni heri yaandikwe kama maandishi ya kawaida chini ya picha. Ujumbe wa WhatsApp unaweza kuhaririwa ndani ya dakika 15 tangu kutumwa. Baada ya hapo, andika tangazo upya zima, na juu yake useme waziwazi ni jambo gani limebadilika, kwa mfano kwamba jiko ndilo jipya na friji imetumika. Wale waliokwisha kuuliza kwa kutegemea maandishi ya kwanza waandikiwe mmoja mmoja kabla mzigo haujapakiwa, na aliyekwisha kulipa sehemu ya pesa apewe nafasi ya kuchagua kuendelea au kurudishiwa.